Pete imenibana, nikaambiwa nimenenepa

"Dada, labda vidole vimenenepa." Hayo niliambiwa na kijana wa kompyuta kwenye duka moja la sonara hapa mjini Dar, mbele ya wateja, mwaka huu huu. Hata salamu sikupewa.

Nilikuwa nimempelekea tanzanaiti yangu ya duara, upana milimita 6, niliyoletewa kutoka Mererani. Kidole alikipima mwenyewe: saizi 7, maana yake uwazi wa ndani ni milimita 17.3. Mchoro kwenye skrini ulinitoa machozi kwa uzuri. Pete ilipokuja ikakwama kwenye kifundo. Nikaipitisha kwa sabuni, na jioni nikisonga ugali, kila mwiko ukisukuma, kitu kikawa kinanichoma kwa chini. Kugeuza pete, naona ncha ya jiwe imechungulia kwenye tundu la ndani.

Aliyeniokoa ni mzee mpachika vito anayekaa nyuma ya duka. Akachukua kipimo chake, akapima uwazi: 16.95. "Mwanangu, hujanenepa. Dhahabu ikipoa hunywea. Humu kwetu hupungua kama asilimia 2, na kijana amesubisha mchoro bila kuukuza." Hiyo peke yake ni karibu nusu saizi!

Halafu akalitoa jiwe, akalipima kutoka kwenye kingo hadi ncha: milimita 3.1. Kijana hakulipima. Aliingiza jiwe la duara lililomo kwenye programu, lenye umbo la almasi, ambalo kwa upana huo lina tumbo la 2.6 tu. Kikalio cha jiwe akakichora ili kingo ikae milimita 2.8 juu ya kidole. Kwa almasi ingebaki nafasi ya 0.2. Jiwe langu, lililokatwa na tumbo nene ili rangi isififie, likatokeza 0.3. Na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania pete nyembamba, kwa hiyo hapakuwa na dhahabu ya kulificha. Hapo nakubali, kidogo.

Nilidhani mzee atachimba kikalio zaidi. Akacheka: ukichimba, jiwe ndio linazidi kushuka. Dawa ni kuchora upya: kikalio kipandishwe milimita 0.6, unene wa pete uongezwe kidogo kwa ajili ya msasa, kisha mchoro wote ukuzwe ndipo nta ya kusubia dhahabu itolewe.

Pete ya pili imeingia kama imezaliwa na kidole. Kusema kweli ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, na nilishataka kuandika kwamba nendeni tu. Lakini nilipokwenda kuichukua, kijana yule yule akanikabidhi huku anachezea simu: "Umeona? Ilikuwa kidole." Mzee akainama kwenye taa yake. Msiende. Au nendeni, pitieni mlango wa nyuma, mwulizieni mzee.