Gesi, umeme au mkaa: jiko la kununua kwa familia ya watu watatu

Kwa watu watatu waliopanga chumba na sebule Dar es Salaam, mimi ningeanza na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, wa pili jiko la umeme la sahani moja, wa mwisho mkaa. Kabla ya kulipa, fanya hesabu hii.

Mtungi wa kilo 6 ukiisha, moto ulioingia kwenye sufuria ni takriban sawa na uniti 60 za umeme kwenye jiko la sahani, au kilo 20 za mkaa kwenye jiko la kawaida, maana mkaa mwingi huishia kupasha hewa. Muulize muuza mkaa bei ya kilo 20, kisha ilinganishe na bei ya kujaza mtungi. Anayenunua kwa kopo kila jioni mara nyingi ndiye anayelipa zaidi.

Umeme unategemea mita. Nyumba nyingi za kupanga zinatumia LUKU moja, na uniti inafika kama shilingi 350, kwa hiyo uniti 60 ni kama 21,000. Mwenye mita yake iliyo kwenye D1, kundi la bei la watumiaji wadogo wa umeme, analipa kidogo sana, ila nafuu hiyo inaishia uniti 75 kwa mwezi. Ukiwa na friji, jiko litakuvusha, na kila uniti ya ziada inaruka bei zaidi ya mara tatu. Kama huna friji na D1 ni yako peke yako, geuza orodha yangu: umeme uwe wa kwanza. Chukua sufuria za kitako bapa, kwa sababu yenye kitako kilichovimba inagusa sahani katikati tu. Usilichomeke kwenye waya mwembamba wa kuungia. Jiko la wati 1500 linaupasha moto, na plagi ikianza kunuka plastiki, zima.

Kwenye gesi, kasoro kubwa ya mtungi mdogo ni jiko kukaa juu yake. Chai haina shida, lakini kusonga ugali wa watu watatu huku mtungi unayumba ni hatari. Nunua na stendi ya chuma inayoshika sufuria, au ingia gharama ya mtungi wa kilo 15 wenye regyuleta na mpira. Dukani dai mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake, ongeza 6, ndiyo kilo unazopaswa kuona. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni, kwa hiyo fungua mlango, si dirisha la juu pekee.

Mkaa ubaki kwa maharage na makande, upikwe barazani. Kamwe usiingize jiko chumbani mlikolala, hata likiwa limebaki majivu mekundu: hewa yake ya sumu haina harufu.