Uzoefu wangu na sha256sum katika kulinda picha za ushahidi

Kazi yangu ni kupiga picha za kasoro za majengo kabla ya makabidhiano, na kwa miezi 8 nimekuwa nikitumia programu ya sha256sum kuthibitisha kwamba faili ya picha haijabadilika. Programu husoma faili yote na kutoa heshi ya herufi na tarakimu 64. Ikibadilika hata biti moja, heshi hutoka tofauti kabisa. Amri ninazotumia ni mbili, ya kwanza siku ya kupiga picha na ya pili siku ya kuhakiki:

```
sha256sum IMG_0412.JPG > IMG_0412.sha256
sha256sum -c IMG_0412.sha256
```

Jaribio la kweli lilikuja pale mkandarasi alipodai kwamba picha niliyoipiga ya ufa wa ukutani ilikuwa imechezewa. Alipokokotoa heshi ya nakala aliyokuwa nayo, haikulingana na yangu, na kwa muda nilionekana mwongo. Tulipofuatilia tuligundua kwamba nakala yake ilipitia programu ya kutumiana ujumbe, ambayo hubana picha upya na kuondoa taarifa za kamera, hivyo ilikuwa faili nyingine ingawa jicho liliona ufa uleule. Faili iliyokuwa kwenye kadi ya kamera ilihakikiwa mbele yake na kuleta jibu `IMG_0412.JPG: OK`. Tangu hapo picha asilia naituma kama faili iliyofungwa ndani ya zip, na sigusi kitufe cha kuizungusha, kwa kuwa hata hilo likihifadhiwa hubadilisha heshi.

Swali lake la pili lilikuwa zito zaidi, nami nakiri lilikuwa la haki. Picha ilipigwa saa 8:10 mchana, heshi ikakokotolewa saa 1:30 usiku. Kadi ilikuwa mikononi mwa nani katikati? Heshi huthibitisha kwamba faili ni ileile tangu ilipokokotolewa, lakini haisemi lolote kuhusu saa 5 na dakika 20 zilizotangulia. Hapo lililonisaidia ni daftari la makabidhiano, ambamo msaidizi wangu alikuwa ameandika namba ya kadi, saa aliyoipokea, saa aliyoirudisha, na kutia saini. Mstari mmoja ulikosa saa ya kurudisha, na ubishi wote uliobaki uliegemea mstari huo.

Sasa naenda na kompyuta eneo la kazi na kukokotoa heshi papo hapo, kadi ikiwa imefungiwa swichi ya kuzuia kuandika. Heshi hiyo naituma kwa baruapepe kwa pande zote mbili kabla hatujaachana, kwa sababu ikikaa kwenye folda moja na picha, anayeweza kubadilisha picha anaweza pia kukokotoa heshi mpya na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Katika daftari, safu ya saa ya kurudisha haiachwi wazi tena, hata kama kadi imetoka mkononi mwangu kwa dakika 5 tu.