Uzoefu wangu na kipimajoto cha nyaya mbili: hewa nyuzi 3, jani chini ya sifuri

Kipimajoto hiki cha kurekodi nilikinunua Dodoma mjini kwa shilingi 85,000, kwa ajili ya viazi mviringo tunavyolima na shemeji yangu huko Makete. Majani yalikuwa yanaungua kwa sakitu asubuhi ambazo simu inasema nyuzi 3 au 4, na shemeji akawa ananiuliza, "Barafu inatoka wapi, kaka, wakati hewa haijafika sifuri?"

Nilikijaribu kwanza Mpunguzi, kwenye zabibu. Kwetu hakuna sakitu, ila tofauti niliyokuwa naitafuta ipo. Waya mmoja niliufunga mita moja na nusu kutoka chini, ndani ya kikinga cheupe kinachopitisha hewa. Huko juu ndiko vituo vya hali ya hewa hupima. Wa pili niliuacha wazi kwenye kimo cha majani. Usiku mmoja wa Julai, nyota tele na hakuna upepo, wa juu ulisoma 14, wa majani 10 na nusu. Upepo wetu wa kiangazi ulipovuma, namba zikakaribiana sana.

Sababu ni kwamba usiku jani hutoa joto lake kwenda angani na kupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Mawingu hurudisha sehemu ya joto hilo, na upepo huleta hewa ya vuguvugu kutoka juu. Vyote viwili vikikosekana, jani huachwa peke yake.

Makete mambo yakawa wazi. Shamba letu lipo bondeni, na hewa baridi ni nzito, hutelemka na kutuama humo. Saa 2 usiku hewa ilikuwa 8, majani 5. Saa 9 usiku, 4 na 0.6. Saa 11 alfajiri hewa ilisoma 2.7 na majani -1.1. Kulipokucha, majani ya bondeni yalikuwa meupe. Jua lilipopanda yakalegea kama yaliyochemshwa, kisha yakawa meusi. Ya mlimani yalibaki salama.

Kasoro yake kubwa: kengele inafuata waya wa kwanza tu, ambao maelekezo yanataka uwe wa hewa. Ukiyafuata, utalala huku viazi vinaganda. Mimi nimebadilishana nyaya, na kengele nimeiweka nyuzi 2 kwenye majani, ili tuwahi kufunika miche kwa vitambaa. Kitambaa kishikiliwe na fito, maana jani linalokigusa huganda.

Kabla ya msimu, ichovye ncha ya kila waya kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, ukikoroga. Inapaswa kusoma 0. Wangu mmoja ulisoma 0.4, kwa hiyo namba zake zote naziondolea hiyo. Kwa anayelima bondeni nyanda za juu, nakipendekeza. Kwa zabibu za Dodoma peke yake, pesa hiyo nunulia kitu kingine.