MeshLab kwa kusafisha skani ya chungu: uzoefu wangu

Natumia MeshLab, ile softwea ya bure kutoka Pisa, Italia, kwa laptopu yangu ya ramu 8GB hapa Kisumu. Sura yake mbaya bana, menyu zimejaa mpaka zinakera, lakini kwa kusafisha skani sijapata ya bure inayoishinda.

Kazi ya juzi, klainti alileta chungu cha udongo kutoka soko la Kibuye anataka kifuniko cha kuprinti 3D kikae vizuri, basi nikakizunguka na simu nikipiga picha, meshi, yaani umbo la 3D lililoundwa na pembetatu ndogo, ikatoka na pembetatu kama milioni 2 na karibu nusu ni meza, ukuta na vipande vinaelea tu hewani.

Toa bekigraundi kwanza kabla hujapunguza idadi ya pembetatu, juu ukianza kupunguza, zile pembetatu chache unazobakisha utazigawia meza pia. Vinavyoelea vinatoka na `Remove Isolated pieces (wrt Diameter)`, lakini meza haitoki hivyo, imeshikana na kitako. Hapo nageuza chungu nikione kwa ubavu, naweka kamera ya `Orthographic` ndio mkato usiende mshazari, nachora boksi juu ya meza (linashika hata pembetatu za nyuma usizoziona) nafuta. Kitako kikibaki wazi nakiziba na `Close Holes`, na hapo lazima upandishe ile namba ya 30 inayokuja nayo maana inahesabu kingo za shimo na kitako kina mamia, ila kama hukupiga picha za ndani angalia isizibe na mdomo. Sevu kopi kila hatua, kurudi nyuma humu si kitu cha kutegemea.

Kupunguza ni `Simplification: Quadric Edge Collapse Decimation`. Niliweka 150000, nikatiki `Preserve Normal`. Macho yangu yalikuwa kwa zile alama za kamba begani mwa chungu, kwa 150000 bado zinaonekana, kwa 20000 zimefutika na mdomo umeanza kuwa na kona kona, na kifuniko kinakaa hapo hapo kwa mdomo. Kama unataka rangi ibaki tumia ile ya `(with texture)`, mimi ya kuprinti sikuihitaji.

Sasa saizi, picha peke yake hazijui sentimita. Kwa rula chungu kina urefu wa milimita 236, `Measuring Tool` ikasema 3.148, gawanya upate 74.97, weka kwa `Transform: Scale, Normalize` na `Uniform Scaling` ikiwa imetikiwa. Pima upande mrefu, kosa la milimita moja kwa 236 halisumbui, kwa kitu cha 40 ni balaa. Halafu kagua na kipimo kingine ambacho hukutumia: mdomo kwa rula 142, kwa skrini 141.6, nikaridhika nikaacha nafasi ya milimita moja kuzunguka kifuniko. Faili ya STL unayopeleka kuprinti haibebi yuniti, slaisa, ile programu ya kuandaa faili kwa printa, huchukulia ni milimita, kwa hivyo usipime kwa sentimita ukashangaa chungu kimetoka saizi ya kidole.