Friji la mtumba lililokarabatiwa: tangazo lipi la kununua, lipi la kuacha

Mafriji matatu yaliyoshushwa kutoka kontena moja la Uingereza yanaweza kukaa kwenye duka moja kwa bei moja, na yote yakaandikwa "yamekarabatiwa". La kwanza limefutwa vumbi tu. La pili limebadilishwa mpira wa mlango na thamostati. La tatu kompresa ilikufa, likawekwa nyingine. Kwa macho huyatofautishi, hasa kama yamepigwa rangi. Kinachokusaidia ni kile muuzaji alichokubali kuandika kwenye tangazo, kwa hiyo nimeyapanga matangazo yenyewe kuanzia la kununua hadi la kuacha.

La kwanza kwenye orodha yangu ni tangazo linalosema mfumo wa gesi haujafunguliwa, linatoa vipimo vya joto na muda wake, na waranti yake inataja kompresa kwa jina. Hili hapa la mfano, lichukue kama kipimo cha mengine:

"Friji milango miwili, lita 230, la mwaka 2016, volti 230. Gesi R600a, mfumo haujafunguliwa. Limewashwa saa 24 likiwa na chupa za maji ndani, dukani nyuzi 31: chini nyuzi 4, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme uniti 1.1 kwa saa 24. Vimebadilishwa: mpira wa mlango wa chini, thamostati. Kasoro: limebonyea ubavu wa kushoto, droo moja ya mboga haipo. Waranti miezi 6 kompresa na gesi, miezi 3 vingine. Fundi anakuja nyumbani. Waranti haihusu friji lililotumiwa bila friji gadi."

Angalia alivyotaja joto la dukani. Nyuma ya friji, au ndani ubavuni karibu na droo za mboga, kuna kibati chenye herufi za hali ya hewa ambayo friji limeundwa kuimudu. SN na N ni za mazingira yasiyozidi nyuzi 32, ST hadi 38, na T hadi 43. Baadhi ya yanayotoka Ulaya ni SN au N tu. Friji la namna hiyo likipimwa usiku wa Julai litafika nyuzi 4 bila shida, kisha Februari, kwenye jiko la Dar au Mombasa lenye bati juu, kompresa haizimi mchana kutwa na maziwa yanachachuka. Kama tangazo halitaji herufi hizo, muombe muuzaji apige picha kibati na akutumie. Ukiona "SN-T" au "N-ST", ina maana linamudu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya pili. Hapo hapo kwenye kibati soma volti. La Japani ni volti 100 na la Marekani 115, na ukichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu unalichoma. Transfoma inaongeza gharama, na muuzaji mkweli anaiandika.

Chupa za maji nazo zina kazi. Friji tupu linapoza hewa tu, hata chovu hufaulu mtihani huo. Likijazwa maji ndipo unaona kama kompresa ina nguvu ya kutoa joto.

Namba ya uniti ndiyo inayokuonyesha tofauti kati yake na jipya. Tuseme jipya la ukubwa huo linakula uniti 0.7 kwa siku. Pengo ni 0.4, sawa na uniti 146 kwa mwaka. Uniti ikiwa shilingi 350 za Tanzania, unalipa kama 51,000 zaidi kila mwaka kwenye luku. Kama jipya ni 850,000 na hili ni 450,000, umeokoa 400,000, na umeme utakuchukua karibu miaka minane kuzila. Hapo inalipa. Likiuzwa 650,000, akiba inaisha ndani ya miaka minne, na unabaki na friji lililokwishafanya kazi miaka mingi kabla hujaliona. Hapo mimi nadunduliza ninunue jipya.

Nafasi ya pili naliweka tangazo linalokiri kwamba mfumo umefunguliwa na kueleza kazi iliyofanyika. Kompresa kubadilishwa si aibu, mradi fundi aseme pia kwamba filta imebadilishwa, mabomba yamevutwa hewa kwa vakyumu pampu, na gesi imepimwa kwa mizani kulingana na gramu za kibatini. Hewa na unyevu vikibaki ndani, maji huganda kwenye kapilari, ule mrija mwembamba wa kupitisha gesi, friji likapoza na kuacha, likapoza na kuacha. Linganisha gesi iliyojazwa na ile ya kibatini. Friji la R600a lililotiwa R134a litawaka na litatoa ubaridi kidogo, lakini halitadumu, maana presha ni tofauti na hata oili ya kompresa si ileile. R600a inashika moto, na fundi asiyeijua huikwepa ndiyo maana. Kwa kundi hili dai waranti ndefu kuliko ya kwanza kwenye kompresa, maana sasa unanunua mkono wa fundi.

Kama tangazo linadai mfumo haujafunguliwa, inama nyuma utazame kompresa. Kuna kamrija kafupi kanakoishia hewani. Ka kiwandani kamebanwa na kuchomelewa safi. Ukikuta valvu ya kujazia kama ya baiskeli, au weldi mpya yenye weusi pembeni, mtu alishapita hapo.

La tatu ni "linagandisha vizuri, limepimwa", bila namba. Pengine muuzaji ni mwaminifu ila mvivu wa kuandika. Nunua tu kama atakubali ulikute limewashwa tangu jana. Kwa friji la kawaida linaloshika barafu, fungua friza: barafu iwe imetanda sawasawa. Ikishika kona moja tu na kwingine pakavu, mara nyingi gesi imepungua. Kisha bana karatasi mlangoni na uivute, ukizunguka pande zote. Inapotoka bila kukaza, mpira umechoka pale.

Linaloshika mkia ni lile linalojisifu "limejazwa gesi mpya" na kuishia hapo. Gesi ya friji hailiki kama mafuta ya gari, inazunguka mlemle. Ikipungua kuna tundu, na kama tangazo halisemi tundu lilikuwa wapi na lilizibwaje, gesi hiyo itatoka kama iliyotangulia. Matangazo haya huja na waranti ya wiki mbili, na wanajua kwa nini.

Waranti yoyote isiyoandikwa kwenye risiti yenye namba ya friji kutoka kibatini na tarehe, usiihesabu. Uliza pia nani analipa usafiri likirudi, kwa sababu kirikuu ya kwenda na kurudi inaweza kula nusu ya faida yako. Likifika nyumbani liache wima saa kadhaa kabla ya kuwasha, hasa kama lililazwa njiani, ili oili irudi kwenye kompresa. Kisha wiki hiyohiyo lijaze, liweke kipimajoto ndani, usome saa nane mchana. Likikataa kushuka chini ya nyuzi 8, piga picha kipimajoto na umpigie muuzaji siku hiyohiyo.