Stardew Valley na ugomvi wa kuzima tableti: uzoefu wangu

Gemu alizokuwa akicheza mwanangu wa darasa la tano zilikuwa hazina pa kuishia. Anakimbia, anagonga kizuizi, anaanza tena papo hapo. Ukimwambia azime, kila mara unamkuta katikati ya jambo, na kilio chake kina haki. Kwa hiyo nilipotafuta gemu nyingine, swali langu la kwanza lilikuwa moja tu: inapumzika wapi?

Stardew Valley ni gemu ya shamba iliyotoka mwaka 2016, na kwenye simu za Android iliingia 2019. Unailipia mara moja, haina matangazo, haimwombi mtoto anunue kitu katikati ya mchezo, na bando likiisha inaendelea. Mtoto anarithi shamba la babu yake: analima, anamwagilia, anafuga kuku, anavua samaki, anachimba mgodini. Kilichonivutia ni saa yake. Siku ya mchezo inaanza 6:00 am, na mchezaji asipolala mpaka 2:00 am anaanguka kwa uchovu na kupoteza sehemu ya pesa zake. Kila dakika kumi za shambani hupita kwa sekunde saba hivi za kwetu, kwa hiyo siku nzima ni kama dakika 14. Akipanda kitandani, anaonyeshwa mapato ya siku, mchezo unahifadhiwa, kisha anaamka kesho yake.

Hapo ndipo pa kuzima tableti. Akisimama kando ya kitanda na saa inasoma 6:00 am, kila alichofanya jana kimehifadhiwa na cha leo hajakigusa. Hakuna anachopoteza.

Nyumbani kwetu hatuhesabu dakika tena, tunahesabu siku za shamba. Siku za shule ni mbili, Jumamosi ni nne. Tarehe iko juu ya skrini upande wa kulia, kwa hiyo hakuna kubishana. Tuseme anaanza Jumatatu ya tarehe 8, `Mon. 8`. Akilala mara mbili ataamka `Wed. 10`, na hapo anazima. Mimi nikipita nasoma tarehe tu. Nikimwita mapema ananijibu, "Mama, bado sijalala," nami najua anazungumzia nini na kimebaki kiasi gani.

Hesabu ya dakika 14 lakini usiishike kama msahafu. Mtoto akifungua begi lake la vitu, au akiongea na watu wa kijijini, saa inasimama. Mwanangu hupenda kupanga begi kwa utulivu wake, hivyo siku moja ya shamba hufika dakika 20. Kwa sababu hiyo siku mbili nazikadiria kuwa dakika 40, si 28. Kama unatumia programu ya wazazi inayofunga tableti yenyewe, iweke mbele zaidi ya hapo, dakika 50 kwa mfano, iwe ukuta wa mwisho tu. Ukiiweka kwenye dakika 30 kamili itamfunga akiwa mgodini saa za jioni, kitandani hajafika, na ugomvi unarudi vilevile. Kwa upande mwingine, anaruhusiwa kulala mapema. Siku ya mvua mimea haihitaji kumwagiliwa, na siku hizo wangu humaliza haraka.

Sehemu ngumu ni ile asubuhi mpya. Kuna runinga inayotabiri hali ya hewa, kuna barua kwenye sanduku, kuna karoti zilizokomaa. "Naangalia barua tu" ndiyo mlango wa siku ya tatu. Sharti letu ni kwamba haruhusiwi kutoka kitandani hata hatua moja. Anafungua menyu na kutoka hapo hapo. Akishatoka nje ya nyumba siku imeshaanza, na ukimzima hapo umemkatiza kweli.

Mzazi ajue pia kwamba kijijini kuna baa, mhusika mmoja ana tatizo la pombe na huzuni nzito, na mbele sana kuna kasino. Mimi ningeanza na mtoto wa miaka kumi na kuendelea. Hakuna lugha ya Kiswahili, na maneno ya kusoma ni mengi, kwa hiyo mwanzoni kaa naye.

Na kama una watoto wawili, kila mmoja awe na shamba lake. Wakicheza pamoja kwenye shamba moja, saa haisimami mtu akifungua begi, na siku haiishi mpaka wote walale, isipokuwa ifike 2:00 am. Mmoja anakuwa kitandani anamsubiri mwenzake aliyeko mtoni anavua, na wewe unakuwa mwamuzi.