TAHADHARI: Wapo "mafundi wa kupandisha limiti" Mwanjelwa na Kabwe, usiwape simu yako

Ndugu zangu wa Mbeya, hasa mnaofanya biashara Mwanjelwa, Kabwe na Uyole, kuna kijana anapita kwenye vibanda akidai anaweza kukupandishia kiwango cha mkopo wa simu kutoka elfu arobaini hadi laki tano kwa siku moja. Anataka elfu thelathini ya kazi, simu yako kwa saa mbili hivi, na namba ya siri. Mimi ni wakala, kwa hiyo nilipoletewa taarifa ya miamala ya dada mmoja muuza viazi aliyepita mikononi mwake, nilielewa haraka mchezo ulivyochezwa. Naueleza hapa kwa sababu anayejua mikopo hii inavyopimwa ni vigumu kumdanganya.

Yule dada alikuwa na mtaji wa 300,000 mkononi. Kijana akamwambia, "Dada, mfumo unaangalia mzunguko, tuuzungushe." Akaweka ile 300,000 kwenye laini yake, akaitoa, akaiweka tena, akaitoa, mara sita mfululizo kwa wakala mmoja, ambaye ni mwenzake. Kila kutoa kulikatwa kama elfu saba, hivyo mwisho dada akarudishiwa 258,000 taslimu na kuambiwa asubiri siku tatu. Kumbuka wakala hulipwa kamisheni kwa kuweka na kwa kutoa. Kwa hiyo mbali na ile elfu thelathini, wale wawili walikuwa wanakamua kamisheni kwenye makato ya huyo mama wa watu.

Hayakuishia hapo. Laini ilipobaki tupu, simu bado ikiwa mkononi mwake, kijana akatumia ile huduma ya kumalizia muamala salio lisipotosha, akatuma 45,000 kwenda namba nyingine, kisha akafuta ujumbe. Dada aligundua jioni, mteja alipomtumia 60,000 ya viazi akaona salio la elfu kumi na nne na ushee. Deni la namna hiyo hukatwa lenyewe kwenye hela ya kwanza inayoingia. Jumla alipoteza karibu 117,000, na kiwango chake mpaka leo kipo palepale.

Kwa nini hakikupanda? Kampuni hazitangazi kanuni zao za kukokotoa, na anayesema anazo anakudanganya. Ila namna zinavyofanya kazi inajulikana. Kompyuta huchukua wateja waliokwisha kukopa, waliolipa na waliokimbia, ikatazama laini za makundi hayo mawili zilitofautiana vipi kabla ya mkopo, kisha ikakulinganisha nao. Inatazama umri wa laini, siku ngapi za mwezi inatumika, vocha na vifurushi vinanunuliwa kwa mpangilio gani, hela inaingia kutoka kwa watu wangapi, na sehemu gani ya hela hiyo inalala kwenye laini badala ya kutoka dakika ileile. Juu ya yote hayo inatazama madeni ya nyuma uliyalipa lini.

Sasa pima miamala ya yule dada. Hela ileile, wakala yuleyule, saa mbili, salio sifuri. Hakuna mteja hata mmoja aliyeingiza shilingi, na hakuna kilicholala. Kwenye mfumo huo si mzunguko wa biashara. Tena mitandao huwafuatilia mawakala wanaorudiarudia miamala ili kuvuna kamisheni, na laini yako ikijikuta katikati ya mchezo huo inaweza kufungiwa wakati wa uchunguzi.

Watu wa huku tuna shida ya kweli ambayo huyu kijana anaitumia, na hapo simlaumu mtu kwa kutamani njia ya mkato. Mkulima wa viazi wa Uyole au wa parachichi wa Njombe hupata hela kwa mkupuo, mara nyingi taslimu kutoka kwa dalali, halafu laini inakaa kimya miezi mingi. Mfumo hauoni shamba. Unaona laini iliyolala, na hauna njia ya kujua kuwa una magunia stoo.

Kinachosaidia ni kuifanya laini ionyeshe biashara uliyonayo tayari. Mnunuzi akikubali, akutumie angalau sehemu ya malipo kwa simu, na yaingie kwenye laini moja iliyosajiliwa kwa jina lako, si ya mume leo na ya mtoto kesho. Usiitoe yote papo hapo. Mbolea, dawa na nauli ya mzigo unaweza kulipia kwa lipa namba, hivyo unakwepa makato ya kutoa na alama ya matumizi inabaki. Kopa kidogo kuliko kiwango ulichopewa na ulipe kabla ya tarehe. Kwa mtu mwenye kipato cha msimu, naona historia ya kulipa ndiyo inayobeba uzito kuliko vyote, kwa sababu haihitaji hela nyingi. Hii ni kazi ya miezi, si ya siku tatu. Na piga hesabu kwanza: kama makato ya kupitishia kila kitu kwenye simu yanazidi faida ya mkopo unaoutaka, achana nayo.

Kubadili laini kila mara ndiko kunakoumiza wengi bila wao kujua, maana laini mpya haina historia. Kama simu imeibiwa, rudisha namba ileile badala ya kusajili nyingine.

Wale mafundi wana toleo la pili: wanakutumia faili la programu ya mkopo kwa Watsapu, eti "hii haina masharti". Programu za mkopo zinapima simu yenyewe: ukiziruhusu husoma jumbe za miamala, aina ya simu na eneo ulipo kwa makadirio. Kwa programu halali inayosoma jumbe hizo, kuzifuta jumbe za kupokea hela ni kujinyima ushahidi. Lakini tangu mwaka 2023 duka la Google Play haliruhusu programu za mikopo binafsi kuchukua orodha ya namba zako wala picha. Faili la Watsapu halipiti dukani, na ndiyo sababu likifunguka jambo la kwanza linaomba namba zako. Siku ukichelewa, watapigiwa wakwe na mchungaji wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kabla ya kupakua chochote, uliza jina la kampuni iliyo nyuma yake, kisha ulitafute kwenye orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni. Jina lisipotajwa, umeshapata jibu.

Kama ulishampa simu, badilisha namba ya siri sasa hivi. Omba taarifa ya miamala ya siku ile kwa mtandao wako, usitegemee jumbe zilizobaki kwenye simu. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, hasa kama alikuwekesha kidole kwenye mashine yake "kuhakiki", kwani laini ya ziada kwa jina lako inaweza kukopewa na deni likasomeka lako. Namba anayotumia kukutapeli itume kwenda 15040, halafu fungua jalada polisi ukiwa na ile taarifa mkononi.

Mara ya mwisho ameonekana upande wa stendi ya Nanenane, amevaa fulana yenye rangi za mtandao mmoja. Mwombeni kitambulisho cha kazi muone atakavyowajibu.